Kuunga flati ba kwa bolti au ribiti: kiungo kitakatikia wapi, na bamba limebaki na nguvu kiasi gani

Flati ba dukani inakuja mita 6. Sasa kenchi yako ya godauni ina upana wa mita 9, ile flati ba ya chini inayozuia miguu ya kenchi isitanuke haiwezi kufika, lazima uiunge. Wengi hapo wanachomelea tu na maisha yanaendelea, lakini kuna sehemu umeme hakuna, au kenchi inabebwa vipande vipande inafungwa huko huko juu, basi unalaza bamba moja juu ya lingine, unatoboa, unapiga bolti. Swali linakuja bolti ngapi, na jibu la site karibu zote ni "weka nne, zinatosha". Zinatosha kwa nini? Nne zilezile zinaweza kukupa kiungo chenye 42% ya nguvu ya bamba au chenye 82%, inategemea umenunua gani na umezipanga vipi. Ndo hesabu tutakayopiga hapa mwanzo mpaka mwisho, flati ba moja tu, 100 kwa 8, na bolti za M16.

Mfano wetu tuuweke hivi: aliyechora kenchi amekwambia hiyo flati ba inavutwa kwa nguvu ya 70 kN. Kama hujazoea kilonyutoni, 10 kN ni kama uzito wa tani 1, kwa hiyo hapa tani 7 zinavuta kila upande.

Kwanza jua kiungo kinakufa vipi

Kiungo cha kulalia (bamba juu ya bamba, zinavutana pande tofauti) kina njia nne za kufa, na zote zinashindana kwa wakati mmoja. Ile dhaifu kuliko zote ndo inashinda, nyingine hata usizionee fahari.

Ya kwanza, bolti inakatwa. Bamba la juu linaenda kushoto, la chini linaenda kulia, bolti iko katikati inakatwa pale mabamba yanapogusana. Ukiiokota baadae unakuta imekatika bapa, na kipande cha juu kimesogea kidogo pembeni kabla ya kuachia.

Ya pili, tundu linagandamizwa. Bolti ngumu, bamba jembamba, kwa hiyo bolti haikatiki ila inasukuma chuma cha bamba mpaka tundu linakuwa yai, na upande uliosukumwa unaona chuma kimejikusanya kama mdomo. Hii haidondoshi kitu ghafla, inalegeza. Kiungo kinaanza kucheza, na kikicheza bolti zinapokea mzigo kwa kugongwa, sio kwa kuvutwa.

Ya tatu, bamba lenyewe linachanika kwenye mstari wa matundu. Umetoboa, umepunguza chuma, kwa hiyo bamba ni dhaifu zaidi pale ulipotoboa kuliko popote, kama karatasi ya stempu inavyochanika kwenye vitundu vyake. Ufa unaanzia pembeni mwa tundu unaelekea ukingoni au kwenye tundu la jirani.

Ya nne, bolti inachomoka kupitia mwisho wa bamba, kwasababu umetoboa karibu mno na ncha. Kipande cha chuma mbele ya bolti kinasukumwa nje chote. Hii ni ya nne lakini ndo ya kipuuzi kuliko zote, maana kuizuia ni kusogeza alama ya punchi tu.

Pili, kusanya namba zako

Bamba: upana 100 mm, unene 8 mm. Pima kwa kalipa, usiamini maandishi ya dukani, "8" wakati mwingine ni 7 na kitu, na kila milimita inayopotea kwenye unene inapotea kwenye kila hesabu hapa chini isipokuwa ile ya bolti kukatwa.

Bolti M16, tundu 18 mm. Hizo milimita 2 za ziada ni za kawaida ili bolti iingie bila kupigana. Kwanini M16 na sio M12 au M24? Kuna kanuni ya zamani ya Unwin: chukua kipeuo cha pili cha unene wa bamba kwa milimita, zidisha mara 6. Kwa 8 mm inatoka kama 17, kwa hiyo 16 ndo jirani. Sio sheria ya mbinguni, ni sehemu nzuri ya kuanzia.

Halafu mikazo unayoruhusu. Hapa natumia namba za kihafidhina za kazi za chuma cha kawaida, kile ambacho kikivuka mkazo wa 250 hakirudi tena umbo lake:

```
kuvutwa kwa bamba          150 N/mm²
kukatwa kwa bamba          100 N/mm²
kugandamizwa (tundu)       250 N/mm²
bolti 4.6 kukatwa           80 N/mm²
bolti 8.8 kukatwa          160 N/mm²
```

Usalama upo tayari ndani ya hizo namba, kwa hiyo usiongeze tena kipimo kingine juu yake. Na kama mchoro wako unatumia kanuni mpya zile za kuzidisha mzigo kwanza halafu ndo unalinganisha, tumia namba za kanuni hiyo zote, usichanganye nusu huku nusu kule, hapo ndo watu wanapotea kabisa.

Gredi ya bolti utaiona kichwani, imegongwa 4.6 au 8.8. Namba ya kwanza mara 100 ndo mkazo wa kukatikia ukiivuta, yaani 400 na 800. Bolti isiyo na alama yoyote ihesabu kama 4.6, muuzaji aseme anachosema.

Sasa kitu kinachorukwa sana, nyuzi. Eneo la bolti ya M16 kwenye mwili wake laini ni 201 mm², lakini kwenye nyuzi linashuka mpaka 157 mm². Je, kwenye kiungo chako mkato unapita kwenye mwili laini au kwenye nyuzi? Mabamba mawili ya 8 yanataka bolti fupi, kama M16 ya urefu wa 45 au 50, na bolti fupi hivyo mara nyingi zina nyuzi kuanzia karibu na kichwa mpaka chini. Kwa hiyo hesabia 157. Ukipata zenye shingo laini inayovuka pale mabamba yanapogusana, vizuri, hiyo ni bonasi yako, ila uione kwa macho kabla ya kuihesabu.

Tatu, nguvu ya bamba zima kabla hujalitoboa

Hii ndo kipimo cha kulinganishia kila kitu:

```
100 × 8 × 150 = 120,000 N = 120 kN
```

Bamba ambalo halijatobolewa linabeba 120. Ufanisi wa kiungo ni nguvu ya kiungo (ile ndogo kuliko zote) gawanya kwa 120. Basi, hakuna uchawi mwingine. Haiwezi kufika 100% kwenye kiungo cha bolti kwasababu lazima utoboe tundu angalau moja, na tundu moja tu la 18 tayari limekula 18% ya bamba hili. Kwa hiyo juu kabisa ni 82%, hiyo namba ishike maana tutaifikia.

Nne, jaribu bolti mbili

Bolti mbili za gredi 4.6, sambamba kwenye upana wa bamba.

```
kukatwa:      2 × 157 × 80      = 25.1 kN
kugandamizwa: 2 × 16 × 8 × 250  = 64 kN
kuchanika:    (100 − 36) × 8 × 150 = 76.8 kN
```

Angalia vizuri: kwenye kukatwa umetumia eneo la bolti, kwenye kugandamizwa umetumia kipenyo cha bolti (16) mara unene, na kwenye kuchanika umetoa kipenyo cha tundu (18), sio cha bolti, maana chuma kilichotolewa na drili ndo kimeondoka hata kama bolti haijazi hilo tundu. Watu wanachanganya hapa na kosa linaenda upande mbaya.

Ndogo ni 25.1. Ufanisi ni 25.1 kwa 120, yaani 21%. Umenunua flati ba ya 120 ukaifanya ya 25, na mzigo ni 70. Bolti zitakatika na bamba halitakuwa hata limejua kuna kazi.

Ongeza ziwe nne, safu mbili za mbili mbili, gredi ileile. Kukatwa inapanda kuwa 50.2, kugandamizwa 128, kuchanika inabaki 76.8 palepale kwasababu mstari dhaifu bado una matundu mawili. Ufanisi 42%. Bado hatujafika 70, na hii ndo ile "weka nne zinatosha" ya kwenye site.

Tano, tibu kile kinachoumwa

Hapa ndo penyewe. Kiungo kinaumwa bolti, kwa hiyo ukiongeza unene wa bamba hupati kitu, ukibadilisha mpangilio hupati kitu, utakuwa unalipia dawa ya kichwa kwa mtu anayeumwa goti. Badilisha bolti. Nne zilezile lakini gredi 8.8:

```
kukatwa:      4 × 157 × 160     = 100.5 kN
kugandamizwa: 4 × 16 × 8 × 250  = 128 kN
kuchanika:    64 × 8 × 150      = 76.8 kN
```

Mgonjwa amebadilika. Sasa bamba ndo dhaifu, 76.8, ufanisi 64%, na mzigo wa 70 unapita kwa kubanana. Kugandamizwa hakukubadilika ingawa bolti imekuwa ngumu mara mbili, kwasababu kinachopondeka ni chuma cha bamba na chuma cha bamba ni kilekile.

Tofauti ya bei ya 4.6 na 8.8 ukiilinganisha na gharama ya kenchi nzima haina maana, mimi sioni kwanini mtu aweke 4.6 kwenye kitu kinachovutwa juu ya vichwa vya watu.

Sasa hivi kwa kuwa anayeumwa ni bamba, mpangilio unaanza kuwa na maana. Chukua bolti zilezile nne, uzipange kama almasi: moja, halafu mbili, halafu moja.

Fikiria bamba la juu, linavutwa kushoto. Mzigo wote 100% unapita kwenye safu ya kwanza ya kushoto, ambayo sasa ina tundu moja tu. Pale bolti ya kwanza imeshachukua robo ya mzigo imeipeleka bamba la chini, kwa hiyo safu ya kati yenye matundu mawili bamba la juu linabeba robo tatu tu.

```
safu ya 1 (tundu 1): (100 − 18) × 8 × 150 = 98.4 kN
safu ya 2 (matundu 2): 76.8 ÷ 0.75        = 102.4 kN
kukatwa                                    = 100.5 kN
kugandamizwa                               = 128 kN
```

Ndogo ni 98.4, ufanisi 82%. Kutoka 64 mpaka 82 bila kuongeza bolti hata moja wala gramu ya chuma, umesogeza alama za punchi tu. Na angalia namba tatu za kwanza zilivyokaribiana, 98, 102, 100. Kiungo kizuri kinafanana hivyo, hakuna sehemu inayobeba wenzake na hakuna iliyolala.

Kuna mstari mmoja zaidi wa kuangalia ukipanga almasi, ule wa zigizaga: ufa unatoka ukingoni, unaingia tundu la kati la pembeni, unakatiza kwa mshazari kwenda tundu la safu ya kwanza, unarudi tundu la pembeni upande wa pili, unatoka. Unatoa matundu matatu lakini unarudishiwa kitu kwa kila mshazari, nacho ni umbali kati ya safu mara wenyewe, gawanya kwa mara 4 ya umbali wa pembeni. Kwa mpangilio wetu safu ziko 50 mm na tundu la kati limesogea 23 mm kutoka katikati, kwa hiyo kila mshazari unarudisha kama 27. Upana unaobaki ni 100 toa 54 jumlisha 54, yaani 100, mkubwa kuliko 82. Salama. Ukibana safu zikawa karibu karibu sana, mshazari unarudisha kidogo na huu mstari unaweza kukugeuka, usiache kuuangalia.

Tahadhari moja ambayo inawapiga hata waliosoma. Mtu akishaelewa almasi anasema basi nitapanga moja, mbili, tatu, kama mshale. Kwenye bamba la juu safi kabisa. Lakini kiungo cha kulalia kina mabamba mawili, na kwa bamba la chini mambo yako kinyume, mzigo wake wote unapita kwenye safu ya mwisho, ile yenye matundu matatu. Umesaidia mmoja umemmaliza mwenzake. Kwenye kulalia mpangilio lazima ufanane pande zote mbili, 1-2-1, 2-3-2, hivyo.

Na ribiti je?

Hesabu ni ileile ila kuna vitu viwili. Ribiti ya moto ikigongwa inajaa tundu lote, kwa hiyo unatumia kipenyo cha tundu kila mahali: ribiti ya 16 kwenye tundu la 17.5 unaihesabu kama 17.5. Na ribiti haina nyuzi. Eneo lake ni 240 mm², kwa mkazo wa 100 kila moja inabeba 24 kN, karibu sawa na bolti yako ya 8.8 yenye nyuzi, na hiyo ni chuma cha kawaida kabisa. Almasi ya ribiti nne inatoka 96 kN kwa kukatwa na 99 kwa kuchanika, ufanisi 80%.

Ndo maana vitu vya zamani vya ribiti vilisimama. MV Liemba ya Ziwa Tanganyika ilijengwa Papenburg Ujerumani mwaka 1913, ikafunguliwa ikaletwa vipande Kigoma ikaunganishwa upya kwa ribiti, ikashushwa majini 1915, Wajerumani wenyewe wakaizamisha 1916, Waingereza wakaiibua 1924 na ikarudi kazini 1927 kwa jina hilo la Liemba. Ribiti ya moto ikipoa inasinyaa, inayavuta mabamba pamoja yanabanana, kwa hiyo msuguano nao unafanya kazi japo hatuuhesabu. Kwa viungo vya kulalia vya ribiti vya mabamba mapana kama ya tangi au boila, vitabu vinakupa picha ya ufanisi kama 45 mpaka 60% kwa safu moja, 63 mpaka 70 kwa safu mbili, na 72 mpaka 80 kwa tatu. Hapo upana haupo, badala yake unatumia nafasi kutoka ribiti moja mpaka ya jirani kwenye safu, na kila kitu kingine kinabaki vilevile.

Ila zile ribiti za alumini za kupopu kwa bunduki ya mkono usizilete humu. Zina tundu katikati, ni za kushikia bati.

Sita, weka alama na utoboe

Mwisho wa bamba kwanza, ile njia ya nne. Chuma kilicho mbele ya bolti kinakatwa kwenye mistari miwili, kutoka pembeni mwa tundu mpaka ncha. Ukiweka katikati ya tundu 36 mm kutoka ncha, yaani mara 2 ya tundu:

```
2 × (36 − 9) × 8 × 100 = 43.2 kN
```

Bolti moja ya 8.8 inabeba 25.1, kwa hiyo bolti itaachia kwanza, vizuri. Ukiweka 20 mm unapata 17.6 tu, bolti ya 8.8 uliyolipia inakuwa mapambo. Kwa pembeni, ukingo wa flati ba uliotoka kiwandani, 27 mm kutoka katikati ya tundu mpaka ukingo inatosha kwa tundu la 18. Kwa hiyo safu ya kati matundu yanakaa 27 kutoka kila ukingo na 46 kati yao, safu za nje tundu liko katikati kabisa kwenye 50, umbali wa safu kwa safu 50. Kulaliana kote kunakuwa 36 + 50 + 50 + 36, yaani 172 mm.

Bana mabamba mawili pamoja kwa klampu, toboa yote kwa mpigo mmoja, anza na biti ndogo ya 6 halafu 18. Ukitoboa moja moja matundu hayatalingana, na hapo ndo utamuona mtu anachukua gesi anapanua tundu. Tundu la gesi usilikubali kwenye kitu kinachovutwa: kingo zake zina mikwaruzo na chuma kimekomaa kwa moto, ufa unapata pa kuanzia. Pia tundu likiwa kubwa mno kuliko bolti, mzigo haugawanyiki sawa, bolti moja inabeba peke yake mpaka tundu lake lipondeke kidogo ndo wenzake waguswe, na hesabu yetu yote ya robo robo inadhania wamegawana sawa.

Toa mabruri ya drili kati ya mabamba, la sivyo hayatakutana. Weka washa upande wa nati, kaza zote kidogo kwanza halafu rudia kukaza kabisa.

Ubaya wa kulalia ambao hesabu haikuonyeshi

Mabamba mawili hayako mstari mmoja. Katikati ya la juu na katikati ya la chini kuna tofauti ya 8 mm, kwa hiyo mvutano wa 70 kN unazalisha momenti ya 560 N·m inayotaka kukipindisha kiungo. Ukigawa nusu kwa kila bamba, mkazo wa kupinda peke yake unatoka kama 260, umeshapita ile 250 ambayo chuma kikivuka hakirudi. Kinachotokea ni kwamba bamba linapinda kidogo mwanzoni mwa kiungo, vuta nikuvute inajinyoosha kwenye mstari, na likishajinyoosha momenti inapungua. Kwa mzigo uliotulia kama wa kenchi, chuma laini kinavumilia. Kwa mzigo unaokuja na kuondoka maelfu ya mara, kama mkono wa trela, hapana, pale panapopinda ndo ufa utaanzia, safu ya kwanza, kila mara safu ya kwanza.

Mfano mkubwa wa hili ni ndege ya Aloha, Boeing 737-200, tarehe 28 Aprili 1988 ikitoka Hilo kwenda Honolulu. Mwili wake ulikuwa na viungo vya kulalia, gundi pamoja na ribiti. Gundi ikaachia, mzigo wote ukahamia kwenye ribiti zenye vichwa vilivyozamishwa kwenye bati jembamba, na kila mruko mwili unajaa hewa unatanuka unasinyaa. Baada ya miruko 89,680 nyufa ndogo ndogo za kwenye safu ya juu ya ribiti zikaungana, paa la mbele likang'oka angani, mhudumu mmoja akafa. Wakati ilipotoka kiwandani hakuna hata tundu moja lililokuwa na mkazo wa kutisha ukilihesabu kama tulivyofanya hapa.

Kama mzigo wako unacheza, achana na kulalia. Kutanisha ncha za flati ba, weka bamba moja juu na moja chini (6 mm kila moja), bolti nne kila upande. Mvutano unakuwa mstari mmoja na kila bolti inakatwa sehemu mbili badala ya moja, kwa hiyo hata 4.6 zinafika 100.5 kN. Gharama ni bolti nane na vipande viwili vya bamba.

Kumbuka pia unene ukishuka mchezo unabadilika. M16 ya 8.8 yenye nyuzi inabeba 25.1, na bamba la 8 linaivumilia 32 kwa kugandamizwa. Bamba likishuka chini ya kama 6.3 mm, kugandamizwa ndo kunaongoza, na kununua bolti ngumu zaidi ni kutupa hela. Kwa 4.6 mpaka huo ni kama 3 mm. Ndo maana kwenye mabodi ya malori na mabati mepesi unaona matundu mayai kila mahali na bolti zilizokatika huzioni.

Kukagua kiungo kilichopo

Ribiti: weka kidole upande mmoja, gonga kwa nyundo ndogo upande wa pili. Iliyolegea unaisikia kwenye kidole inatikisika, na sauti yake ni ya kupasuka, sio ile ya mlio mmoja. Mstari wa kutu unaoteremka kutoka chini ya kichwa maana yake kuna kitu kinasugua mle ndani.

Bolti: chora mstari wa rangi unaovuka kutoka kwenye nati mpaka kwenye bamba, na mwingine unaovuka ukingo wa bamba la juu mpaka la chini. Ukirudi ukakuta wa kwanza umekatika, nati imezunguka. Wa pili ukikatika, mabamba yameteleza, na hapo toa bolti moja moja uangalie tundu.

Rangi iliyopasuka kwa mstari mwembamba kutoka pembeni mwa tundu la safu ya kwanza ni ya kuogopa kuliko zote. Ikwangue mpaka chuma, na kama ufa upo hapo bamba limekwisha, usilijazie weldi juu ya tundu, kata sehemu ile au badilisha flati ba.

Tundu likiwa yai bila ufa, inategemea liko wapi. La safu ya nje, lile la katikati, unaweza kulitoboa upya 22 ukaweka M20 ya 8.8, halafu unarudia hesabu: (100 − 22) × 8 × 150 inatoka 93.6 kN, 78%, bado juu ya 70, na ncha ya 36 mm inabeba 40, inatosha. La safu ya kati usilipanue, kutoka 22 kwenda ukingoni hakubaki chuma cha maana na nafasi ya 46 haitoshi tena kwa bolti za 20. Hapo ni bamba jipya, na kabla ya kulifunga jiulize kwanza kwanini la zamani liliteleza.